Simu Arobaini na Moja za Bi. Nyamizi

Nchi ninayotaka kuisema haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa, nimeiulizia kwenye balozi zote nikafukuzwa. Kwa hiyo msomaji ukiona humu kitu kinachofanana na cha kwenu, ujue kasoro iko machoni mwako, nenda kapimwe upewe miwani.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo palikuwa na mambo matatu ya kutisha: njaa, ukame, na simu ya mama yake Rais isiyopokelewa. Njaa iliundiwa kamati. Ukame uliundiwa kamati ndogo. Simu ya mama iliundiwa wizara nzima, yenye waziri, manaibu wawili na bendi ya tarumbeta.

Na palikuwa na Zebedayo Mkwizu, karani wa masijala katika Idara ya Mizani na Vipimo. Mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye mashati mawili ya kazi na woga mmoja mkubwa, yaani kujulikana na serikali. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amefanikiwa kutojulikana. Hakupandishwa cheo wala hakuomba, maana alijua anayepanda ndiye anayeonekana.

Siku hiyo alikuwa kantini, tonge la kwanza liko njiani kwenda kinywani, alipoona vivuli viwili vimetua juu ya sahani yake ya dagaa.

"Wewe ndiye Zebedayo?"

Alitamani kukana, lakini jina lilikuwa limening'inia shingoni kwenye kitambulisho.

"Ndimi, wakubwa zangu."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, wakubwa. Anaumwa goti tu."

Wale wawili walitazamana. Aliyekuwa mnene akainama mpaka Zebedayo akasikia harufu ya karafuu aliyokuwa akiitafuna. "Basi kwa nini simu yako hailii?"

Zebedayo aliliacha tonge lirudi sahanini. Miguu ilimwisha nguvu akiwa bado amekaa, jambo ambalo hakujua kwamba linawezekana. Kantini nzima iliinamisha nyuso na kuanza kutafuta mawe kwenye maharage, kwa bidii ya watu ambao hawajaona kitu na hawatakumbuka kitu. Akapakiwa kwenye gari lisilo na namba.

*

Ili uelewe kosa lake, lazima kwanza umjue Bi. Nyamizi.

Bi. Nyamizi alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, mzazi wa Mtukufu Rais Bundala, na aliishi kwenye nyumba nyeupe umbali wa saa mbili kwa gari kutoka Ikulu. Zamani alimpigia mwanawe mara sita kwa siku. Akipokelewa, aliuliza: Umekula? Umekula nini? Nani kapika? Asipopokelewa, alinuna. Na mama yake Rais akinuna, katika nchi ile ambayo radhi ya mama ni kubwa kuliko katiba, lilikuwa jambo la dola.

Ndipo ikaanzishwa Wizara ya Radhi. Waziri wake, Mheshimiwa Sifuni Majigambo, aliandika utaratibu wa kurasa mia mbili na kumi. Simu ya Mama ikilia, kengele inagongwa Ikulu. Ikikatika bila kupokelewa, king'ora kinalizwa mji mzima, magari yanasimama, na wabunge wanainuka kwa dakika moja ya majuto. Kisha Ujumbe wa Kuomba Radhi unaondoka mbio kwenda nyumba nyeupe: waziri mbele, beberu mwenye utepe shingoni, doti saba za kanga, na bendi nyuma ikipiga wimbo uitwao "Mama, Ilikuwa Kwenye Mtetemo".

Bi. Nyamizi aliukaribisha ujumbe wa kwanza kwa uso wa chuma, wa pili kwa chai, wa tatu kwa maandazi. Majirani walikuja kuangalia. Wanawake walipiga vigelegele. Mjane aliyekuwa akikaa peke yake na redio yake sasa alikuwa na shughuli uani karibu kila siku. Na simu zake, ajabu ya Mungu, ziliongezeka. Zikawa kumi na mbili, zikawa ishirini na tano, hata zikafika arobaini na moja kwa siku.

Wizara ilishangaa sana. Ikaomba bendi ya pili.

Maofisa watatu walikabidhiwa simu ile kabla ya Zebedayo. Wa kwanza alishauri izimwe. Akateuliwa balozi katika kisiwa ambacho wachunguzi wa bahari hawajakiona bado. Wa pili alimjibu Mama kwamba Mtukufu yuko kikaoni, wakati televisheni ya taifa ilikuwa inamwonyesha Mtukufu anakata utepe wa choo cha soko. Huyo hakuteuliwa popote, na mkewe akiuliza huambiwa faili linashughulikiwa. Wa tatu alikuwa fundi wa kuigiza sauti. Alijifanya Mtukufu kwa dakika nne nzima, mpaka Mama alipouliza, "Na lile jipu la kwapani?" Akasema limepona. Halikuwahi kuwepo jipu.

Huyo wa tatu hatajwi kabisa, nami simtaji.

*

Ikulu, Zebedayo alisimamishwa mbele ya meza ndefu kuliko nyumba yake. Waziri Majigambo alisoma mashtaka kwa sauti ya kuzindulia daraja.

"Ndugu Mkwizu! Katika uchunguzi wa kina, wa kisayansi, wa kizalendo na wa usiku na mchana, vyombo vyetu vimesikiliza simu za raia wote wenye mama. Vimegundua kwamba mama yako hakupigii ovyo. Na bado hajanuna! Tumemsikia kwa masikio yetu akicheka! Eleza umemfanya nini mwanamke yule."

"Sijamfanya kitu, Mheshimiwa. Nilimzoesha tu. Na mimi nikajizoesha."

Wakati huohuo simu kubwa ya dhahabu, ile ya Mama, iliyokuwa katikati ya meza ikalia. Chumba kikaganda. Ndipo Zebedayo alipogundua kwamba kiti cha mwisho kabisa, alichodhani ni kitupu, kilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe alikuwa chini ya meza.

"Imelia mara ngapi?" iliuliza sauti ambayo Zebedayo aliijua kutoka redioni, ile iliyokuwa ikiwatisha maadui wa ndani na nje.

"Mara ya tano, Mtukufu."

"Mwambieni sipo. Hapana, msimwambie sipo, ataniuliza nimekwenda wapi. Pokeeni! Hapana, msipokee!"

Ililia hadi ikakatika, na nje king'ora kikalizwa. Ikaanza tena. Ilipofika mara ya tisa kulia, Mtukufu alijitokeza na vumbi magotini, akainyakua. "Shikamoo mama! Nisamehe mama! Nilikuwa... hapana, mama... wali, mama. Wali na samaki."

Alipomaliza alikuwa ameloa jasho. Alimtazama Zebedayo kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu. "Wewe," alisema taratibu, "wa kwako ulimfanyaje?"

Zebedayo alijua kwamba akinyamaza atapotea, na akisema vibaya atapotea vilevile. Aliamua kupotea akisema.

"Mtukufu, mama yangu, Mama Nakundwa, alikuwa akinipigia mara ishirini kwa siku. Nikikosa moja, ananuna wiki. Nilifikiri ana maneno mengi. Kumbe hana. Alikuwa hajui atanipata saa ngapi, basi alibisha hodi kila saa. Asiyejua basi linakuja lini hukaa kituoni kutwa."

"Endelea."

"Nikaanza kupiga mimi. Kila siku saa saba kasorobo mchana, na saa moja jioni. Mvua inyeshe, jua liwake, ninapiga, hata kwa dakika tano. Akipiga katikati, sipokei, ila namtumia ujumbe mfupi: 'Mama nipo salama, nitakupigia saa moja.' Na saa moja napiga kweli. Nikichelewa hata robo saa nimeharibu kazi yote."

"Na akinuna?"

"Namwacha anune, Mtukufu."

Waziri Majigambo alishika meza. Mlinzi mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Namwambia mara moja tu, 'Pole mama, najua imekuuma.' Kisha namuuliza habari za kuku wake. Sibishani naye, wala sigaagai chini kuomba msamaha, maana sijakosa. Na samahani Mtukufu, nisiuawe kwa hili: ile simu umeiacha, ukaja kuipokea mara ya tisa. Sasa amejifunza kwamba tisa ndiyo bei. Kesho ataanzia tisa. Na ile bendi..." Alimtupia jicho Waziri. "Bendi ndiyo inamfundisha kununa."

Zebedayo alihesabu vifungo vya koti la Waziri na kuvikuta sita.

"Siku arobaini," alisema Mtukufu hatimaye. "Ukiweza, utaishi. Mheshimiwa Majigambo atakuangalia."

Majigambo alitabasamu kwa meno yote. Hayo meno ndiyo Zebedayo aliyoyaogopa kuliko bunduki za mlangoni.

*

"Kuna jambo moja kabla hatujaanza," Zebedayo alimwambia Mtukufu kesho yake. "Haya lazima umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, mkiwa mmetulia. Tukiufanya mpango wa siri akaugundua, hatutasamehewa sote."

"Siwezi."

"Mtukufu, wewe ulifunga mipaka mitatu kwa siku moja."

"Mipaka haina mama," alisema Mtukufu.

Wakaenda pamoja nyumba nyeupe. Bi. Nyamizi alikuwa ameketi mkekani akichagua mchele, kijimama chembamba chenye macho makali. Mtukufu alipiga goti, akamwamkia, kisha kigugumizi kikamshika. Alisema kwamba anampenda. Alisema kwamba atampigia yeye mwenyewe, saa saba kasorobo na saa moja, kila siku ya Mungu. Alisema kwamba katikati ya saa hizo hatapokea, ila kwa dharura: mama akipiga mara mbili mfululizo, moja juu ya nyingine, atapokea hata akiwa anaapisha jeshi. Hakuna bendi tena. Akamaliza, akasubiri radi ishuke.

"Nani kakufundisha?" aliuliza Bi. Nyamizi.

Mtukufu wa nchi, Amiri wa majeshi yote, alimnyoshea kidole Zebedayo.

"Toka nje, Bundala. Huyu abaki."

Mlango ukafungwa. Bi. Nyamizi aliendelea kuchagua mchele wake.

"Unaniona kikongwe msumbufu?"

"La hasha, mama."

"Usinidanganye, mwanangu. Kudanganywa ndiko kunakonitia kichaa. 'Yuko kikaoni.' Kikao!" Alitupa jiwe dogo kwenye sinia, likalia. "Nilikuwa na kaka yangu, Mihayo. Mwalimu. Alisema neno moja kwenye baraza, enzi za yule mtawala aliyetangulia. Jioni nikampigia. Simu ikaita, ikaita, ikaita. Nikaambiwa labda yuko kikaoni. Huu ni mwaka wa ishirini na nane, bado yuko kikaoni."

Bi. Nyamizi akaokota jiwe jingine kwenye mchele.

"Sasa mwanangu ndiye kakaa kiti kilekile, kazungukwa na watu walewale. Unafikiri wanaomwimbia wanampenda? Simu isipopokelewa katika nchi hii, mwanangu, ina maana moja tu. Mimi sijui lini itakuwa zamu yake. Ndiyo maana napiga."

"Mama," alisema Zebedayo, na kwa mara ya kwanza tangu aachie tonge lake sauti haikutetemeka, "akikupigia kila siku saa ileile, utajua yu hai. Hata siku moja haitapita hujui."

Bi. Nyamizi aliinua macho kutoka kwenye mchele. "Na asipopiga saa hiyo?"

"Basi hapo ndipo uogope."

*

Zebedayo alikuwa amemwonya Mtukufu kwamba mambo yataharibika kabla ya kutengenea. Mlango uliozoea kufunguliwa kwa kusukumwa, siku ukigoma husukumwa kwa bega. Lakini kuonya ni jambo moja, na kukaa kwenye chumba chenye simu ya dhahabu inayolia mara hamsini na nane ni jambo lingine.

Siku ya kwanza hamsini na nane. Siku ya tatu sitini na tano. Zebedayo aliketi na karatasi akiweka alama kila ikilia, na kila baada ya ukimya mfupi alituma ujumbe kwa niaba ya Mtukufu: Mama nipo salama, nitakupigia saa moja. Siku ya nne mama alipiga mara mbili mfululizo. Mtukufu akaruka. Ilikuwa kuuliza kama amevaa sweta.

"Sema ulivyoahidi," Zebedayo alinong'ona.

"Mama, hii... hii si dharura. Nitakupigia saa moja tuzungumze vizuri." Akakata, akakaa chini polepole kama aliyejikata kidole na kungoja damu itoke.

Saa moja kamili alipiga. Mama hakusema neno kwa dakika tatu. Mtukufu alisema pole, mara moja. Kisha, akisoma karatasi ya Zebedayo, aliuliza mchuzi wa mlenda unaungwaje, maana mpishi wa Ikulu unamshinda. Upande wa pili ukaguna. Kisha ukaanza kueleza, na maelezo yakachukua dakika ishirini na moja.

Siku ya saba simu zilishuka hadi thelathini. Siku ya tisa kumi na nane. Zebedayo alianza kulala na kuota ndoto za kawaida.

Siku ya kumi zikapanda ghafla hadi themanini na tatu.

Mtukufu alimwita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Zebedayo. "Umenichezea," alisema kwa upole. "Hata yule ofisa wa tatu hakufikisha themanini."

Zebedayo alitoka akiona kuta zinamkaribia. Alipiga simu kwa majirani wa nyumba nyeupe, mmoja baada ya mwingine, hadi akapata habari. Jana yake, Mama alipokosa kupokelewa, Mheshimiwa Majigambo alikwenda kimyakimya na bendi mbili, mabeberu manne, na hotuba ya kurasa kumi na moja kuhusu Mama kama Jua la Taifa. Waziri alikuwa ameona wizara yake inakufa kwa kukosa manung'uniko, akaenda kuyanunua.

Zebedayo alirudi kwa Mtukufu na kusema ukweli wote. Majigambo aliitwa.

"Mtukufu," alisema Waziri kwa machozi, "ilikuwa bendi ndogo tu. Tarumbeta moja moja."

"Moja moja ndiyo mbaya kuliko zote," Zebedayo alisema kwa sauti ndogo. "Akikosa siku nane, ya tisa akapata, atajua kwamba kuna siku itatoka. Atapiga milele."

Bendi zikafungiwa stoo. Mabeberu wakapumzishwa kwa heshima zote. Wakaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza, na wakati wanaanza upya Majigambo alisimama dirishani akimtazama Zebedayo, bila kupepesa macho.

*

Zebedayo alijua pia kwamba mtu ukimwondolea shughuli bila kumpa nyingine, umemwibia. Mjane yule alikuwa amezoea ua uliojaa watu. Akamwomba ruhusa Bi. Nyamizi, akamuunganisha kwa simu na mama yake mwenyewe.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mama Nakundwa kwa mashaka.

"Ni mama wa mkubwa wangu wa kazi."

"Naye anaumwa goti?"

"Magoti yote mawili."

Wakazungumza saa nzima. Kesho yake wakazungumza tena. Walilinganisha dawa za kuchua, wakwe, na ubaya wa unga wa siku hizi. Mama Nakundwa alimwambia mwenzake bila kumung'unya kwamba hata yeye alipozoeshwa alimwona mwanawe ana moyo wa jiwe, na akalia wiki mbili. "Lakini sasa, dada, saa saba kasorobo ikifika naweka kiti mlangoni. Anapiga. Kutwa nzima nafanya yangu."

Siku ya ishirini na tano simu za Bi. Nyamizi kwa Mtukufu zilikuwa nne. Siku ya thelathini na mbili, hakuna. Alisubiri zile mbili za mwanawe, akazungumza, akacheka, akakata yeye wa kwanza kwa sababu alikuwa akiwahi mazoezi ya kwaya. Mtukufu alikaa ameitazama simu ya dhahabu iliyonyamaza. Usoni mwake palikuwa na kitu ambacho taifa halikuwahi kukiona kwenye picha zake rasmi. Alikuwa amepumzika.

Siku ya arobaini Zebedayo alipewa cheti. Hakupandishwa cheo, akamshukuru Mungu. Aliruhusiwa kurudi masijala.

Akatembea kwa miguu hadi kituo cha basi, jua likiwa utosini. Ilikuwa saa sita na robo, na alikuwa ameshatoa simu mfukoni ili ikifika muda ampigie mama yake, lilipokuja lile gari lisilo na namba na kusimama kando yake.

*

Shtaka lilikuwa fupi. Ofisa aliyelisoma alilisoma mara moja tu: kupunguza mapenzi ya mama wa taifa kwa asilimia mia moja, kinyume cha sheria. Saini ilikuwa ya Majigambo. Ndani ya chumba kile hapakuwa na dirisha. Palikuwa na meza ya chuma, na juu ya meza kapu, na ndani ya kapu simu nyingi za watu. Ofisa aliitupa ya Zebedayo juu ya zile nyingine.

Ikafika saa saba kasorobo. Zebedayo aliitazama simu yake asiyoweza kuigusa, akafikiria kiti mlangoni. Ikafika saa saba. Alimfahamu mama yake: alikuwa amemfundisha mwenyewe asipige ovyo, asipaparike, asinune. Alikuwa amemfundisha vizuri mno. Hofu ilimjia ikiwa mpya kabisa, tofauti na zote alizozijua. Katika nchi nzima, mama pekee asiyempigia mwanawe ovyo alikuwa wa kwake.

Saa saba na robo simu yake ililia. Mara moja. Haikupokelewa. Ikanyamaza. Ofisa alicheka kidogo, akaendelea na karatasi zake.

Asilolijua ofisa ni kwamba Mama Nakundwa hakupiga mara ya pili kwa sababu hakuhitaji. Katika miaka mitano mwanawe hakuwahi kuchelewa robo saa. Aliinuka kitini, goti na maumivu yake, akampigia shoga yake wa magoti mawili.

"Dada," alisema, "hajapiga."

Bi. Nyamizi hakuuliza nani. Hakusema labda yuko kikaoni. Alikata, akampigia mwanawe mara mbili mfululizo, moja juu ya nyingine.

Mtukufu alikuwa bungeni, simu ya dhahabu kando yake, katikati ya hotuba ya amani na utulivu. Zamani angetoa jicho na kujificha. Lakini simu ile ilikuwa haijalia kwa siku nane, na mwili wake ulisimama kabla ya akili. Akapokea mbele ya wabunge wote.

"Bundala," alisema mama yake. "Zebedayo yuko wapi?"

"Mama, labda yuko..."

"Usilimalize hilo neno."

Hakulimaliza.

Saa kumi alasiri Zebedayo alitolewa nje akiwa na shati lake, viatu vyake, na simu yake. Alipofika kwenye mwanga alipiga kwa mama yake kabla hajapangusa macho. Mama Nakundwa alimwuliza kama amekula. Zebedayo akalia, na kwa mara ya kwanza maishani akamwambia ukweli wote: hapana, mama, na niliogopa.

*

Habari ya namna hiyo haifichiki. Kabla hakujapambazuka nchi nzima isiyokuwepo ilijua kwamba kuna mtu mmoja aliyepelekwa kule na akarudi, na kwamba alirudishwa na simu.

Alfajiri simu ya Bi. Nyamizi ikalia. Alikuwa mke wa yule ofisa wa pili, mwenye faili linaloshughulikiwa. Ikalia tena. Alikuwa mama wa mwigizaji sauti. Kisha mama mmoja wa mbali, ambaye mwanawe aliuliza swali kwenye mkutano. Kisha mwingine, ambaye binti yake alichora picha. Bi. Nyamizi aliweka mchele pembeni, akavaa miwani, akatafuta kalamu. Alipokea zote, na hakuna aliyemwomba asubiri.

Kisha akaanza kupiga.

Ikulu simu ya dhahabu ililia mara mbili mfululizo. Mtukufu akapokea. Mama akataja jina moja, akauliza mwenyewe yuko wapi. Ikalia mara mbili tena. Jina lingine. Hadi adhuhuri zilikuwa zimepokelewa arobaini na moja, na mama hakuuliza hata mara moja kama amekula.

Mtukufu akamwita Zebedayo. Alikuja polepole, maana mtu aliyeingia mara moja chumba kile kisicho na dirisha hatembei tena vile alivyotembea zamani. Mheshimiwa Majigambo, ambaye hakuna aliyemgusa, alisimama kando, akiwa tayari na bendi iliyotolewa stoo.

"Zimerudi," alisema Mtukufu. Uso ulikuwa umemsawijika. "Hizi nazo tunazipunguzaje? Niambie ulivyoniambia. Saa ngapi? Ujumbe gani nimtumie?"

Simu ikalia. Zebedayo aliitazama, akamtazama Majigambo, akautazama mlango na waliosimama mlangoni. Akaisukuma simu taratibu mbele ya Mtukufu.

"Hizi hazina njia, Mtukufu," alisema. "Hizi zinapokelewa tu."